Mafungu Matatu ya Mwanaima

Mwanaima alivuka kutoka Pemba akiwa na cherehani moja, mabinti wawili na karatasi ya talaka kwenye mkoba. Kaka yake Bakar ndiye aliyempokea. Alimpeleka moja kwa moja Usagara, mjini Tanga, kwenye nyumba aliyokuwa akikaa na mkewe Kazija, akamfungulia vyumba viwili vya mbele vinavyotazama barabara na kumwambia, "Hivi vyako. Lala, shona, fanya utakalo. Kodi usiniulize."

Naye hakumwuliza. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka akiambiwa asiulize hushukuru.

Alianza kwa kushona sare za shule na madera ya majirani. Baadaye msichana mmoja akaomba kufundishwa, akaja wa pili, akaja wa tatu na mama yake akiwa na pesa mkononi, na kufikia mwaka wa nne chumba cha nje kilikuwa na cherehani nane, ubao, na meza ndefu ya kukatia. Kibao cha bluu juu ya mlango kiliandikwa Chuo cha Ushonaji Mwanaima. Aliajiri mwalimu msaidizi, Praxeda, binti wa familia ya Kikatoliki iliyokuja zamani kukata mkonge na haikurudi tena kwao. Praxeda alikuwa na mkono mwepesi wa kudarizi na simu ambayo haikumtoka kiganjani.

Chuo kilichukua wanafunzi mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai. Wakipatikana kumi na mbili, mambo yalikwenda. Wakipungua kumi, Praxeda alisubiri mshahara na Mwanaima alirudi kushona madera usiku kucha. Kwa muda mrefu hakuhitaji kujitangaza, maana wasichana waliletana wenyewe. Halafu kikafunguliwa chuo kingine upande wa pili wa mji, chenye cherehani za umeme na picha za mabinti wakicheka kwenye simu za watu wote. Julai ile waliingia wanane.

"Watu hawakujui," Bakar akamwambia jioni, wamekaa barazani. Bakar alifanya kazi kwenye redio moja ya mjini. Alisoma salamu mchana na mara mojamoja alishika kipindi cha asubuhi, na alikuwa na sauti ambayo hata akikuomba chumvi unaona kama anakutangazia jambo kubwa. "Mimi nakusemea kila siku kwa moyo wangu, lakini moyo hauna antena. Weka tangazo redioni. Nitakupatia bei ya ndugu."

Bei ya ndugu ilikuwa laki moja na nusu kwa mwezi, tangazo moja kila siku, mkataba wa mwaka mzima. Mwanaima alikuwa ametenga laki mbili na nusu kila mwezi kwa ajili ya kujitangaza, na hizo alizipata kwa kujinyima hasa. Alipiga hesabu. Redio ingechukua zaidi ya nusu. Zilizobaki angezigawa sawasawa: elfu hamsini za vipeperushi kwa Sele wa stesheneri, elfu hamsini za kulipia posti mtandaoni zionekane na wengi, kazi ambayo Praxeda alikuwa akiililia tangu zamani. Aliona ni mgawo wa haki, kila fungu limepata chake. Akatia saini kwenye meza ya kukatia, juu ya kipande cha kitenge, na Bakar akamkumbatia kwa furaha iliyomshangaza kidogo.

Mwezi wa kwanza hakulisikia tangazo hata mara moja. Alikuwa darasani, redio iko kwenye dirisha, sauti imepunguzwa. Alipomwuliza kaka yake linasomwa saa ngapi, Bakar alisema inategemea nafasi. Ikaja kujulikana kwamba nafasi yenyewe ilikuwa kati ya saa nane na saa kumi alasiri, saa ambazo Tanga nzima imelala au iko kazini, na kwamba bei ya ndugu ilikuwa bei ya saa hizo kwa mtu yeyote.

Mtandaoni, Praxeda alianza kwa shangwe. Alitengeneza kadi ya malipo kwenye simu yake, akaijaza pesa, akachukua picha ya gauni la harusi lililoshonwa na mwanafunzi, akailipia siku tano. Picha ikapendwa na watu elfu moja na mia tatu.

"Mwalimu, tazama!" Praxeda alikimbia nayo darasani.

Mwanaima alitazama. Aliyependa wa kwanza alikuwa Mwanza. Wa pili Mbeya. Wa tatu alikuwa mwanamume aliyeandika, "Mrembo, namba yako." Mwanaima akauliza taratibu, "Huyu wa Mwanza atakuja kujifunza kukata kola hapa Usagara?"

Praxeda alinuna nusu siku, kisha akarudi na simu akiwa na akili mpya. Alikuwa ameacha tangazo liende nchi nzima, na alikuwa ameuambia mtandao kwamba anatafuta watu wa kuipenda picha, nao ukamtafutia hao hao. Mara ya pili alichagua Tanga, Muheza na Pangani tu, wanawake, wa umri wa kumaliza shule hadi miaka thelathini, na akachagua kwamba anataka watu watume ujumbe. Waliopenda wakapungua sana. Ujumbe ukaanza kuingia. "Bei gani?" "Mnapokea wenye watoto?" "Bei gani?" "Hosteli ipo?" "Bei gani?" Praxeda alijibu kila mmoja kwa adabu, na wengi wakishaambiwa ada walinyamaza kama waliokatikiwa na mtandao.

Januari wakaingia saba.

Mwanaima alimwuliza kila msichana aliyekuja kujiandikisha alikosikia habari za chuo. Watatu walisema wameona kwenye simu. Wawili waliletwa na marafiki. Mmoja alikuwa ameokota kipeperushi. Wa mwisho alikuwa jirani. Hakuna aliyetaja redio. Hata mmoja.

Siku ile ile alikwenda kumsubiri kaka yake barazani. Alikuwa amejiandaa maneno tangu mchana, akiyapanga na kuyapangua huku akifundisha kutia zipu.

"Kaka, nataka kuacha redio."

Bakar alikuwa anavua viatu. Akabaki na kimoja mguuni. "Mkataba ni mpaka Juni."

"Najua. Basi unisaidie wanitoe mapema. Laki na nusu hiyo nikiipeleka mtandaoni na kwenye karatasi, napata watu. Redioni sijapata mtu."

"Redio si duka la mangi, uweke shilingi upewe sukari. Redio inaingia kwenye vichwa vya watu polepole."

"Vichwa vya nani saa tisa alasiri?"

Bakar alivua kiatu cha pili, akavipanga vizuri kuliko vinavyohitaji kupangwa, akaingia ndani. Kwa siku mbili alimsalimia dada yake kwa kichwa.

Siku ya tatu wifi yake Kazija alikuja chumba cha darasa wakati wanafunzi wamekwenda kula. Kazija alikuwa mpole, mtu wa maneno machache, na alikaa kwenye benchi la wanafunzi akishikashika uzi uliokuwa mezani.

"Wifi, kaka yako hatakwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Wewe unajua nyumba hii ni ya kupanga?"

"Najua."

"Na unajua redioni halipwi mshahara?"

Mwanaima alitikisa kichwa.

"Walimwondoa kwenye mshahara tangu mwaka juzi. Wamebaki wawili tu wenye mshahara. Yeye anakula kamisheni ya matangazo anayoyaleta, na wamemwekea kiwango. Akishuka chini ya kiwango, kiti anapewa mwingine. Ana wateja watatu wa mwaka. Mwenye duka la mabati, mwenye gereji, na wewe. Kamisheni yako na ya wenzio ndiyo tunayomlipa mwenye nyumba." Alipitisha mkono wake hewani, akaonyesha kuta, ubao, cherehani nane. "Vyumba vyetu na hivi vyako."

Mwanaima alihisi kama mtu aliyeingiza kidole chini ya sindano ya cherehani bila kujua, ule wakati kabla ya maumivu kufika. Miaka yote alijua kwamba anakaa bure. Kumbe alikuwa analipa tangu aliposaini, kwa njia ndefu iliyopita kwenye ofisi ya watu, ambako sehemu kubwa ya pesa ilibaki na kipande kidogo tu ndicho kilichorudi nyumbani.

"Angeniambia," alisema. "Ningempa mkononi."

"Ukimpa mkononi anapata kodi, anapoteza kazi. Ukimwacha na kazi, chuo chako kinakonda." Kazija aliinuka. "Mimi sikushauri kitu, wifi. Nimekwambia tu ili usimwone mbaya."

Tangu siku ile Mwanaima aliishi kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba yenye milango wazi. Akiacha redio, kaka yake anaanguka na yeye anaanguka naye. Akiendelea nayo, Julai hatapata wanafunzi, na chuo kikifa, atailipa redio kwa pesa gani? Alipotoa laki na nusu ya Februari aliitoa kwa mkono mzito. Ya Machi aliichelewesha wiki moja, akaona jinsi Bakar alivyokuwa akiitazama simu yake wakati wa chakula. Akampa. Hakuwahi kuuchukia wema kama alivyouchukia miezi ile, na kwa kuwa hakuweza kumchukia kaka yake, alijichukia mwenyewe.

Praxeda hakuelewa. Hakuambiwa yote, ya nyumba ni ya nyumba.

"Mwalimu, tunachezea pesa," alisema. "Nipe hata laki moja ya mtandao. Wale wenzetu wa ng'ambo ya mji hawana redio kabisa."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Nimesema siwezi, Praxeda."

Kilichobaki mkononi mwake ni ile laki moja, na katika hiyo fungu aliloweza kulifuata kwa miguu yake mwenyewe lilikuwa la vipeperushi. Mpaka wakati huo Sele alikuwa akichapa karatasi mia tano, wanafunzi wakizigawa stendi na sokoni kwa yeyote aliyenyoosha mkono. Mwanaima akaamua kwenda kuona zinaishia wapi. Mwezi wa Mei alimchukua Praxeda, wakaenda Pangani wakiwa na karatasi mia mbili kwenye mfuko. Sokoni walizigawa kwa muda mfupi tu zikapungua nusu, na Mwanaima akafurahi, mpaka alipokwenda kununua bagia akapewa zimefungwa kwenye karatasi ya rangi ya waridi yenye jina lake. Muuzaji alimwambia kwa nia njema, "Karatasi yenu nzuri, dada, hainywi mafuta sana."

Praxeda alicheka hadi akashika mbavu. Mwanaima alikula bagia zake akilitazama jina lake likipata madoa.

Walivuka mto kwa kivuko wakaenda Mwera, kwenye gulio. Huko Mwanaima hakugawa ovyo. Alitafuta wazee wenye mabinti, akasimama nao, akawasalimu, akaongea. Kwenye duka la vifaa vya shamba alimkuta mwenyewe, mtu mzima aliyeitwa Kombo, kofia kichwani, anapima misumari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alimpa karatasi. Mzee Kombo aliisogeza mbali na macho, akaisoma midomo ikicheza, kisha akainua uso. "Mwanaima wa Usagara. Hiki chuo nakijua."

"Ulipata kufika?"

"Sijafika. Nimekisikia redioni. Kuna kijana mmoja ana sauti nzito, siku moja alikitaja asubuhi kabla ya taarifa ya habari. Nikamwambia mke wangu, huko ndiko tungempeleka binti yetu Mwanahawa. Alitaja na namba ya simu, lakini mimi nilikuwa na jembe mkononi, ningeiandika wapi? Imepita hivyo."

Mwanaima alisimama pale na mfuko wake. Siku moja asubuhi. Alikumbuka kwamba Desemba Bakar alishika zamu ya mwenzake aliyekuwa mgonjwa, na bila shaka aliingiza tangazo la dada yake mahali lisipostahili kuwa.

"Na mwanao, mzee, ndiye angekuja kujiandikisha?"

"Angekuja na nani? Na mimi, au na mama yake. Ila ningemwacha aandike mwenyewe, ndiye aliyesoma."

Ndipo alipoliona kosa la swali lake. Januari alikuwa amewauliza wasichana, kwa sababu wasichana ndio walioshika kalamu. Baba aliyekaa pembeni akihesabu ada hakumwuliza kitu. Huenda msichana alimwonyesha baba yake picha kwenye simu, na baba akasema sawa kwa kuwa jina alishalisikia mahali. Au huenda sivyo. Hakuweza tena kujua. Wale saba walikuwa wameshajibu, na alikuwa amegombana na kaka yake kwa majibu yao.

"Mzee, nikikuachia karatasi ishirini hapa dukani, utamgawia mtu akiziulizia?"

"Ziache. Hapa kwangu hazitafungia bagia," alisema mzee Kombo, maana Praxeda alikuwa ameshamhadithia.

Walipokuwa wakirudi, Praxeda aliongea njia nzima na Mwanaima hakusikia nusu. Alikuwa anapanga. Redio haina macho wala haishikiki. Isiimbe namba ya simu ambayo mtu mwenye jembe hawezi kuiandika. Itaje jina, na itaje duka ambako karatasi ipo. Karatasi ibebe namba na ada. Simu iwaonyeshe wasichana nguo. Lakini yote hayo yalitaka redio ya asubuhi, na karatasi zaidi.

Bakar alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asubuhi bei ni mara mbili."

"Basi matangazo yawe nusu. Kumi na tano badala ya thelathini, na yote yasomwe wiki mbili za mwisho za Juni, kabla ya kuandikisha. Mei hii nimeshailipa, imekwenda. Mwezi mmoja tu, kaka."

"Asubuhi wanawekwa wateja wakubwa. Mimi sina uso wa kwenda kuomba."

"Mimi ninao."

Bakar alimtazama. "Kazija amekwambia."

"Ameniambia tangu Januari."

Kaka yake aliinamisha kichwa. "Nilitaka ukae kwangu kama mtu anavyokaa kwa kaka yake," alisema. "Nikashindwa."

Mwanaima alitaka kumwambia hakushindwa, lakini lisingekuwa kweli. Akamwambia wavae waende redioni.

Meneja wa matangazo wa redio aliitwa Innocent, kijana msafi mwenye ofisi yenye kiyoyozi. Aliwakaribisha vizuri, akasikiliza, akagonga kalamu. Asubuhi inawezekana, alisema. Kumi na tano, wiki mbili za mwisho za Juni, maneno wabadilishe wapendavyo, hata Bakar asome mwenyewe moja kwa moja hewani. "Ila, mama, nikikupa nafasi hiyo kwa bei hiyo na mkataba wako unaisha mwezi huo huo, wakubwa wataniuliza nimepata nini. Ongeza mwaka mmoja. Nitakupa asubuhi kila Juni na kila Desemba. Miezi mingine tunaendelea kama kawaida."

Kama kawaida maana yake saa tisa alasiri. Mwanaima alijua. Miezi kumi ya kuwatangazia waliolala, ili apate miwili ya kuwatangazia walioamka.

"Nikikataa?"

"Mkataba wako utaendelea ulivyo mpaka mwisho wa Juni, alasiri, kisha tutaagana salama." Innocent alitabasamu kwa heshima. Bakar alikuwa anautazama mlango.

Mwanaima alitafuta njia ya tatu kichwani mwake, akazunguka nayo kama mtu anayetafuta swichi gizani, na hakuipata. Akatia saini. Mara ya kwanza alisaini kwa kutokujua, mara ya pili alisaini akijua kila kitu, na mara ya pili ilikuwa chungu zaidi.

Karatasi za ziada zilitaka pesa, na fungu pekee lililoweza kukatwa lilikuwa la mtandao. Alimwambia Praxeda kwamba kwa Juni mtandao utapata elfu ishirini, thelathini ziende kwa Sele.

Praxeda aliweka mkasi chini. "Katika mafungu yote matatu, unakata lile pekee lililotuletea watu."

"Lilileta watatu."

"Redio ilileta nani?"

"Sijui," Mwanaima alisema. "Ndiyo shida yenyewe, mwanangu. Sijui. Ila yule baba wa Mwera ananipa moyo."

"Baba mmoja!"

Praxeda alizitumia zile elfu ishirini kwa uangalifu, siku nne tu za mwisho, kuzunguka Pangani na Muheza, na picha aliyochagua ilikuwa nzuri kuliko zote za nyuma. Katika wiki mbili hizo za mwisho Bakar alisoma tangazo asubuhi kwa sauti yake nzito, bila namba, akitaja duka la Kombo Mwera na stesheneri ya Sele mjini, na watu wakaanza kwenda kuuliza karatasi. Mzee Kombo alipiga simu kuomba nyingine.

Julai waliingia kumi na wanne. Mwanahawa wa Mwera alikuwa wa kwanza, na baba yake akiwa nyuma na gunia la nazi. Safari hii Mwanaima aliwauliza wote, binti na mzazi, kila mmoja peke yake, na majibu yalimchanganya kuliko mwanzo. Binti alisema simu, mama yake akasema karatasi, baba akasema redio, na wote watatu walikuwa wa nyumba moja. Akayapokea hivyo hivyo.

Mwisho wa mwezi Praxeda alikuja na barua ya kuacha kazi. Chuo kile kingine kilikuwa kimeona picha zake. Kilimpa mshahara mkubwa zaidi, na kazi ya kusimamia mtandao wote.

"Si kwa ubaya, mwalimu. Hapa nimefundishwa. Lakini hapa sitakuwa na nafasi, na hata wewe huna."

Mwanaima alitaka kukasirika, akashindwa, kwa sababu neno lile la mwisho lilikuwa kweli. Praxeda alikaa naye mchana mzima akimwonyesha. Ukurasa wa chuo alikuwa ameufungua kwa namba yake mwenyewe, kwa hiyo ilibidi auhamishe, abadilishe neno la siri, na Mwanaima atengeneze kadi yake ya malipo kwenye simu yake. Walipomaliza walikumbatiana mlangoni, na Praxeda akalia, naye ndiye aliyekuwa anaondoka kwenda kwenye mshahara mzuri.

Agosti ilipoanza, Bakar alikabidhiwa laki na nusu yake kama kawaida. Kiti chake redioni kilikuwa salama kwa mwaka mmoja. Mwenye nyumba alilipwa. Jioni Mwanaima akamwambia kaka yake kwamba siku chuo kikipata nguvu atamlipa kodi waziwazi, na redio ataigusa akiitaka tu.

Bakar alicheka kidogo, bila furaha. "Siku hiyo, mdogo wangu, mimi nitakuwa nauza mabati."

"Basi tutauza mabati," Mwanaima akamjibu, na hakuna kati yao aliyejua kama huo ni utani.

Kesho yake, wanafunzi kumi na wanne wakiwa wamekwenda kuswali na kula, alikaa kwenye meza ya kukatia na simu yake. Zile karatasi mia tano za Sele alikuwa ameshazilipia. Zilibaki elfu hamsini za mtandao, na mwezi wenyewe haukuwa wa kuandikisha. Kwa akili alipaswa kuzihifadhi mpaka Desemba. Lakini alitaka kujua kama mikono yake inaweza. Akachagua picha ya Mwanahawa akiwa amesimama kando ya gauni lake la kwanza, mshono wa bega umepinda kidogo, uso umenyooka. Akaweka siku tatu. Akachagua ujumbe, si kupendwa. Ramani ikafunguka, na kwa kidole akalivuta duara kutoka mjini kwenda kusini, likapita Pangani, likavuka mto, mpaka Mwera ikaingia ndani.

Alibonyeza. Simu ikafikiri, kisha ikaandika kwamba tangazo lake linakaguliwa na angojee.

Akaiweka kifudifudi mezani, akachukua chaki, na kuanza kuchora mkono wa gauni.